Meseji Elfu Moja kutoka Uwanja wa Juba

Mawakala wa mizigo wanaotegemea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba wana wateja wa aina ambayo mjini hupatikana kwa shida: leo mtu yuko Konyo Konyo sokoni, kesho Kampala, wiki ijayo Eastleigh, na kila mahali ana laini yake. Ndiyo maana wengi wao wamehamia kwenye meseji za jumla. Unaandika ujumbe mmoja, unapakia orodha ya namba kwa kampuni inayotuma, unalipia, basi. Fedha hupotea kimyakimya katika hatua hizo, na nyingi hupotea kabla hata ujumbe haujaandikwa.

Tuseme wakala ana namba elfu moja na ushee, alizokusanya kwenye daftari la risiti kwa miaka kadhaa, kisha karani akaziingiza katika Excel. Tatizo la kwanza huonekana hapohapo kwenye skrini. Sifuri ya mwanzo imepotea, kwa kuwa Excel huiona namba ya simu kama hesabu. Na aliyeandika namba kamili, 211 ikifuatiwa na tarakimu tisa, ameiona ikigeuka kuwa kitu kama 2.11912E+11. Ukipakia faili ya namna hiyo, unatuma meseji hewani. Dawa ni kuifanya safu ya namba iwe ya maandishi kabla ya kuingiza chochote, si baada ya kuharibika.

Sifuri ikiwepo pia kuna mtego. Namba za Sudan Kusini huanza na 09: 091 ni Zain, 092 ni MTN. Hizo hazina utata. Lakini mteja wa Nairobi na mteja wa Kampala wote huandika namba inayoanza na 07, na namba ya 0701 ni Safaricom ukiwa Kenya, ni Airtel ukiwa Uganda. Karani akiziwekea zote 254, meseji ya mfanyabiashara wa Kampala itaingia kwa Mkenya asiyejua lolote kuhusu mzigo. Kwa hiyo nchi iulizwe mteja anapoandikisha risiti, na kila namba ihifadhiwe na msimbo wa nchi. Ukishafanya hivyo utagundua pia kwamba 0912, +211912 na 00211912 za mtu mmoja zilikuwa zimehesabiwa kama watu watatu. Daftari likiwa la zamani, anza na namba za 095 za Vivacell, kampuni iliyofungiwa mwaka 2018. Hizo hazifai kuendelea kulipiwa bila kuhakikiwa.

Baada ya kutuma, usiridhike na neno «imetumwa». Omba ripoti ya kila namba. DELIVRD ina maana imefika kwenye simu. EXPIRED ina maana muda wa kuisubiri simu umekwisha, labda ilikuwa imezimwa. UNDELIV ni kushindwa kufika. Namba inayotoa UNDELIV mara mbili mfululizo, katika wiki tofauti, mimi huitoa bila huruma. Ya EXPIRED huipa nafasi zaidi, maana simu isiyo na chaji si simu iliyokufa, na Juba umeme ni wa kubahatisha.

Sasa ujumbe wenyewe. Huu hapa, umeandikwa kwa wateja wasomao Kiswahili:

```
Mizigo ya ng'ambo kupitia Nairobi sasa inafika JUB kila Alhamisi. Ofisi iko wazi saa 3 asubuhi hadi 10 jioni, saa za Juba. Kujiondoa: tuma ACHA kwa 09XXXXXXXX
```

Ukihesabu kila herufi, alama na nafasi, unapata 158. Meseji moja hubeba 160, kwa hiyo umelipia sehemu moja kwa kila mtu. Angalia sasa ritifaa ya «ng'ambo». Ikiwa imenyooka, kama hapo juu, hesabu inasimama. Lakini ukiandika ujumbe katika Word au kwenye simu, mara nyingi ritifaa hujipinda yenyewe ikawa ’. Alama hiyo iliyopinda haimo katika orodha ya kawaida ya herufi za meseji. Ikiwemo moja tu, ujumbe wote huhamia mfumo mwingine, ule unaotumika pia kwa maandishi ya Kiarabu, ambao sehemu yake moja hubeba herufi 70 badala ya 160. Na ujumbe ukigawanywa, kila sehemu hupoteza nafasi kidogo ya kuunganishia, hivyo hubaki 67. Herufi 158 kwa 67 ni sehemu tatu. Wateja elfu moja, badala ya kulipia meseji 1,000, unalipia 3,000, kwa sababu ya alama moja ambayo hakuna mteja atakayeiona.

Kiswahili kina ng' nyingi, kwa hiyo jambo hili linatugusa kuliko wanaoandika Kiingereza. Kwa sababu hiyohiyo, usichanganye Kiarabu na Kiswahili katika ujumbe mmoja ili kuwafurahisha wote. Gawa orodha kwa lugha. Kiarabu cha Juba kikiandikwa kwa herufi za Kilatini hakina gharama hiyo. Na ile tabia ya kuweka jina la mteja mwanzoni, «Mpendwa fulani», haifai hapa: umebakiwa na nafasi mbili tu.

Kuhusu muda, kuna jambo moja ambalo kampuni za kutuma zilizoko Nairobi au Kampala hulisahau. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma, na sasa iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Ukipanga ujumbe utoke saa mbili asubuhi kwa mfumo wa Nairobi, Juba unaingia saa moja. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi: tangazo la «ofisi inafungwa saa 10» bila kutaja saa za nani humfanya mtu wa Nairobi, aliyemtuma ndugu kuchukua mzigo, akose hesabu. Panga pia muda wa ujumbe kusubiri simu iliyozimwa. Mifumo mingi huuacha siku moja au zaidi usipougusa. Tangazo la leo halina kazi likimfikia mtu kesho usiku, kwa hiyo ufupishe uishie saa ya kufunga ofisi.

Limebaki la kujiondoa, na hapa ndipo wengi hudanganya bila kukusudia. Meseji ikitoka kwa jina la biashara, lile lenye herufi zisizozidi 11, mteja hawezi kulijibu. Kumwambia «jibu STOP» ni kumtuma ukutani. Ndiyo sababu ujumbe wetu una namba ya kawaida. Simu hiyo iwe na mtu anayesoma, maana wengine wataandika STOP, wengine «msinitumie», na wengine «halas» tu. Namba za waliojiondoa usizifute, ziweke kwenye orodha yake, na kila orodha mpya ichujwe kwa hiyo kabla ya kutuma. Ukizifuta, karani atazirudisha mwezi ujao kutoka kwenye daftari lilelile la risiti. Hakikisha pia umemtambua mtu, si laini tu: aliyeandika ACHA kwa MTN huenda uko naye kwa Zain. Lakini mzigo wake mwenyewe ukifika, mwarifu. Alichokataa ni matangazo.

Kabla ya kutuma kwa elfu moja, jitumie kwanza kwenye laini moja ya Zain na moja ya MTN. Tazama saa ujumbe ulipoingia na idadi ya sehemu ulizotozwa. Ukiona tatu, rudi ukakague ritifaa.