Kadre imegandwa na gundi: namna ya kuitoa bila kuponda nyuki

Huko milima ya Lubero na Masisi, baridi ya asubuhi inafanya propolisi, ile gundi nyuki wanapaka kwenye kadre, iwe ngumu. Mufugaji akivuta kwa nguvu, inakatika ghafla, muzinga unatikisika, na nyuki wanasagwa kati ya masega. Malkia naye anaweza kufia hapo.

Heri kungoja jua lipate moto, karibu saa nne, gundi ilainike. Baada ya moshi kidogo, mufugaji anaanza na kadre ya pembeni, si ya katikati: pale nyuki kwa kawaida ni wachache, na malkia haendi sana. Anaingiza ncha ya chuma bapa karibu na sikio la kadre, anaigeuza pole pole mpaka gundi iachie, upande huu kisha ule. Masikio yote mawili yakiwa huru, ndipo anaipandisha wima, bila kuinamisha. Anaiegemeza kando ya muzinga. Nafasi iliyobaki ndiyo faida yenyewe: kila kadre nyingine inasogezwa kwanza kule, halafu inainuliwa.

Akisikia harufu kama ya ndizi, nyuki amepondwa ao amechoma. Asimame kwanza, aongeze moshi.