Ukifinya « Lipa » mara mbili: namna gani sistemi inajua ni feza moja?

Goma, wakaaji wengi wanalipa kwa simu: unite, kuran, masomo ya watoto, bidhaa za butiki. Tangu mabenki ya mji yalipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, feza ya simu imebeba mzigo mkubwa zaidi. Lakini rezo inakatika. Muntu anafinya « Lipa », kiduara kinazunguka, kisha simu inasema: jaribu tena. Hapo ndipo swali linakuja: akijaribu tena, atakatwa mara mbili?

Kwanza tuelewe juu ya nini simu yenyewe haijui jibu. Malipo ni safari ya kwenda na kurudi. Ombi linatoka kwenye simu, linafika kwenye serveri ya muuzaji, feza inakatwa, kisha jibu linarudi. Rezo ikikatika wakati wa kwenda, hakuna kilichofanyika. Ikikatika wakati wa kurudi, feza imekwisha kutoka, ila habari haikufika. Kwa simu, mambo hayo mawili yanafanana kabisa: ni kimya tu. Kwa hiyo simu haina budi kuuliza tena, na serveri ndiyo inapaswa kutambua kama ni ombi jipya au ni lile lile la kwanza linalorudi.

Je, serveri iangalie jina la mteja na kiasi? Haitoshi. Mama anaweza kununua kuran ya dola 10 kwa nyumba yake, na dakika mbili nyuma akanunua ingine ya dola 10 kwa mita ya mama mkwe. Hayo ni malipo mawili ya kweli. Sistemi inayozuia kila kinachofanana itamunyima haki yake.

Dawa yake inaitwa ufunguo wa idempotensi. Ni namba ndefu ya bahati nasibu ambayo programu ya simu inatengeneza mara moja tu, pale mteja anapoamua kununua, mbele ya kutuma kitu chochote. Namba hiyo inasafiri pamoja na ombi. Ombi likirudiwa mara tano, namba inabaki ile ile. Mteja akianza manunuzi mengine, namba inakuwa mpya. Ni kusema, ufunguo unabeba nia ya mteja, si idadi ya mara alizofinya.

Upande wa serveri, kazi inafanywa na jedwali la malipo, daftari la kompyuta. Katika PostgreSQL linaweza kuwa hivi:

```sql
CREATE TABLE malipo (
  mteja    TEXT NOT NULL,
  ufunguo  TEXT NOT NULL,
  kiasi    NUMERIC NOT NULL,
  hali     TEXT NOT NULL,
  jibu     TEXT,
  UNIQUE (mteja, ufunguo)
);
```

Nguvu yote iko kwenye neno `UNIQUE`. Linakataza mistari miwili yenye mteja mmoja na ufunguo mmoja. Watengenezaji wengi wanakosea hapa: wanaandika programu inayosoma kwanza kama ufunguo upo, na ukikosekana, inaandika. Lakini maombi mawili yakifika kwa wakati mmoja, yote mawili yanasoma « haupo », na yote mawili yanakata feza. Ni kama wauzaji wawili wa butiki moja wanaochungulia daftari pamoja, kila mmoja akiona deni halijaandikwa. Inafaa kuandika moja kwa moja na kuacha jedwali lenyewe likatae:

```sql
INSERT INTO malipo (mteja, ufunguo, kiasi, hali)
VALUES ('M-204', '7f3a91c2', 10, 'INAENDELEA')
ON CONFLICT (mteja, ufunguo) DO NOTHING;
```

Tufuate mfano mmoja. Mteja wa Majengo ananunua kuran ya dola 10 saa moja kasoro za jioni. Ombi la kwanza linafika, jedwali linajibu `INSERT 0 1`: mstari mmoja umeandikwa. Serveri inahifadhi mstari huo kabisa, ndipo inaomba kampuni ya simu ikate feza. Mteja anaandika PIN, feza inatoka, mstari unabadilishwa kuwa IMELIPWA, na namba 20 za kuingiza kwenye mita zinawekwa kwenye `jibu`. Wakati wa kurudisha namba hizo, rezo inakatika.

Baada ya nusu dakika simu inatuma tena, na ufunguo ule ule. Safari hii jedwali linajibu `INSERT 0 0`: hakuna kilichoandikwa. Serveri inajua sasa kwamba ni ombi la zamani. Inasoma mstari, inaona IMELIPWA, na inarudisha zile namba 20 zilizohifadhiwa. Hakuna PIN ya pili, hakuna dola 10 zingine. Kama mstari ungekuwa bado INAENDELEA, serveri ingejibu « subira kidogo ». Na kama ufunguo ungerudi na kiasi cha dola 20, ingekataa, kwani hiyo ni alama kwamba programu ya simu ina kosa.

Kuna nafasi moja ngumu: serveri izimike baada ya kampuni ya simu kukata feza, lakini mbele ya kuandika IMELIPWA. Mstari unabaki INAENDELEA. Kosa kubwa hapo ni kuomba feza upya kwa namba nyingine. Serveri inapaswa kuuliza kampuni ya simu: malipo yenye namba hii yalifikia wapi? Ndiyo maana ufunguo unapaswa kufika mpaka kule. Kwa mfano, kwa wanaounganisha programu zao na M-Pesa ya Vodacom, Kongo na Tanzania, kila ombi linabeba namba iliyochaguliwa na muuzaji, kwenye sehemu inayoitwa `input_ThirdPartyConversationID`. Jibu `INS-9` maana yake muda umepita bila jibu, wala haisemi kwamba malipo yameshindwa. `INS-10` inasema ni muamala uliorudiwa.

Ufunguo una mipaka yake. Mteja akifunga programu na kuanza manunuzi upya, programu nyingi zitatengeneza ufunguo mpya, na sistemi itaona nia mpya. Programu nzuri inahifadhi ufunguo ndani ya simu mpaka jibu la mwisho lifike. Tena funguo hazikai milele kila mahali: kampuni ya Stripe, kwa mfano, inaweza kuzifuta zikiisha kupita saa 24. Na anayelipa kwa kuandika menyu ya nyota na alama ya reli, kila akianza upya, kwa kawaida hilo ni ombi jipya.

Kwa hiyo, kimya kikija, mteja aangalie salio na mesaji ya kampuni ya simu mbele ya kuanza upya. Kama programu yenyewe inaonyesha « jaribu tena », afinye hapo hapo kuliko kuifunga. Na kama PIN inaombwa mara ya pili kwa manunuzi yale yale, wakati ya kwanza haijakataliwa, asiandike kwanza: huenda sistemi ya muuzaji haina ufunguo. Kama amekwisha kukatwa mara mbili, mesaji mbili zenye namba mbili tofauti za muamala ndizo ushuhuda wa kumpelekea muuzaji.