Bodi ya stafurumu: Methali tatu, uzi mmoja, na hakuna mwalimu wa kununa

Uko kwenye mafunzo ya nyanjani, wiki ya kwanza hata hujajua chai inawekwa wapi, na naibu wa mwalimu mkuu anakuambia: "Mwalimu, wewe ni kijana, tushughulikie ile bodi ya majilisi. Kila mwezi mada moja, kila Jumatatu msemo mpya." Unaitikia "sawa" haraka, halafu unabaki ukijiuliza utatoa wapi misemo.

Misemo iko tele, hiyo si shida. Shida ni kwamba wengi hushika mada, tuseme ushirikiano, kisha hubandika "Umoja ni nguvu", "Kidole kimoja hakivunji chawa", "Mkono mmoja haulei mwana" na "Jifya moja haliinjiki chungu". Methali nne tamu, lakini zote zinasema kitu kimoja. Kufikia wiki ya tatu walimu hawasomi tena, na utajua hivyo ukiona ratiba ya zamu imedungwa pini juu ya kazi yako.

Dawa ni kuacha kuchagua mada ya neno moja. Chagua swali. Badala ya "ushirikiano", jiulize: mzigo wa kazi hapa tunaubebaje? Swali moja lina pande nyingi, na kila wiki unajibu upande mmoja. Tuutengeneze mwezi huo pamoja.

Wiki ya kwanza, weka msingi: "Jifya moja haliinjiki chungu." Yeyote aliyeona mafiga matatu jikoni anaelewa bila maelezo.

Wiki ya pili, uliza kwa nini basi hatusaidiani: "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Usufi ni ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, kwa hivyo mzigo wa mwenzako huuona mwepesi kwa sababu hauko kichwani mwako. Mwalimu wa sayansi akiangalia rundo la insha za mwenzake wa lugha, ujumbe unafika wenyewe.

Wiki ya tatu, pinga: "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Hapa ndipo bodi inapata uhai, kwa sababu inakubali kwamba kushirikiana kuna mipaka. Mtihani wa pamoja ukitungwa na watu watano, lazima mmoja awe na neno la mwisho.

Wiki ya nne, achana na methali kabisa, andika swali: "Ni mzigo gani wa mwenzako ungeweza kuushika ncha wiki hii?" Umbo limebadilika, uzi ni uleule. Mwezi ukiwa na Jumatatu tano, hiyo ya tano acha kadi tupu na kalamu kando, walimu waandike majibu yao.

Sasa cheki kama umefaulu. Badilisha wiki ya kwanza na ya tatu kichwani mwako. Ikiwa hakuna kinachoharibika, basi umerudia jambo moja. Hapa kinaharibika: huwezi kuonya kuhusu manahodha wengi kabla hujasema chombo kinahitaji watu.

Kwa macho pia, uzi uonekane. Kata ukanda wa manila wenye swali la mwezi, uuache juu mwezi mzima. Chini yake badilisha kadi tu, rangi ileile, herufi za kama sentimita 3 ili mtu asome akiwa mezani kwake. Kadi moja, msemo mmoja. Ukijaza maneno, hakuna atakayesimama.

Halafu kuna hatari ambayo hakuna anayekuambia. Msemo ukutani unaweza kuwa fumbo, kama jina la leso kule Mombasa: mtu huivaa, na jirani anajua ameambiwa nini. Mwalimu fulani akichelewa Ijumaa, na Jumatatu wewe umebandika "Chelewa chelewa utapata mwana si wako", stafurumu nzima itamgeukia yeye. Hukumlenga, lakini nani atakuamini? Na wewe ndiye mgeni, unayehitaji mtu huyohuyo akukague darasani.

Kinga yake ni tarehe. Chagua misemo yote ya mwezi kabla mwezi haujaanza, iandike kwenye karatasi moja na umwonyeshe naibu ile Ijumaa ya mwisho. Mtu akikuuliza, "Mwalimu, hii ni ya nani?", jibu lako lina ushahidi: ilipangwa wiki tatu zilizopita. Na hata hivyo, tukio likitokea na msemo wa wiki hiyo ukaangukia mtu, usikwame na ratiba. Leta wa wiki inayofuata mbele, huo uliobaki utangoja mwezi mwingine.