Riba ya Machi haikuwekwa, ya Aprili ikawekwa mara mbili

Asubuhi ya tarehe 1 Machi, mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo alinipigia simu. Riba ya mwezi haikuwa imewekwa kwenye mkopo hata mmoja, na ikabidi aiweke mwenyewe kwa mkono. Tarehe 1 Aprili alipiga tena. Safari hii kila mkopaji alikuwa amewekewa riba mara mbili, meseji zimeshatumwa, na watu wamejaa dirishani wakiwa na simu zao mkononi.

Kwenye seva za Linux, kazi kama hiyo hukabidhiwa programu iitwayo cron. Kila dakika cron huamka, hutazama saa ya mashine, hupitia orodha yake, na ikikuta mstari unaolingana na dakika hiyo huianzisha kazi. Imeishia hapo. Haiulizi kama kazi iliyotangulia imemalizika, na saa ikipita mashine ikiwa imezimwa, cron hairudi nyuma kuifidia. Kila mstari una nafasi tano za wakati: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki.

Mstari wa kwanza wa chama ulikuwa `0 0 1 * *`, yaani saa sita usiku ya kila tarehe 1. (Tunaosoma saa kwa Kiswahili tuwe waangalifu hapa: saa sita yetu ya usiku ndiyo 0 ya cron, na ukiandika 6 kazi itaanza saa kumi na mbili asubuhi.) Mstari haukuwa na kosa, ila seva ilikuwa imekodiwa ikiwa kwenye saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Riba ikawa inapigwa saa tisa usiku, na aliyelipa kwa simu saa saba alihesabiwa kana kwamba amelipa kabla mwezi haujaisha.

Fundi wa chama akapiga hesabu. Saa sita usiku kwetu ni 21:00 ya UTC, siku iliyotangulia. Akaandika hivi:

```
0 21 31 * *
```

Januari ina siku 31, kwa hiyo riba ya Februari iliwekwa kwa wakati, na kila mtu akaona tatizo limekwisha. Lakini Februari haina tarehe 31. Cron ilisubiri siku ambayo haikuja, wala hakuna onyo lililotoka, kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichoharibika. Miezi mitano kila mwaka mstari ule ungekaa kimya vivyo hivyo. Nafasi tano za cron hazina namna ya kutaja siku ya mwisho ya mwezi.

Baada ya simu ya Machi, fundi aliamua kazi ianze kila baada ya dakika 10, na programu yenyewe ijiulize: je, kwa saa za hapa mwezi mpya umeingia, na riba yake bado? Wazo zuri, isipokuwa alama ya "imekwisha" iliandikwa mwishoni kabisa. Kutuma meseji kulichukua muda, na kazi nzima ikadumu dakika 14. Nilipoandika `grep CRON /var/log/syslog` nikaona mianzo yote: 21:00, 21:10, 21:20. Ule wa pili haukukuta alama, ukaanza upya kwa mwanachama wa kwanza. Ule wa tatu uliikuta, ukaacha. Ndiyo maana riba iliwekwa mara mbili, si tatu.

Tulirudi kwenye mstari wa mwanzo. Tuliiweka seva kwenye saa zetu kwa `timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`, kisha tukaiwasha cron upya. Afrika Mashariki hatusogezi saa mbele wala nyuma, kwa hiyo tofauti ya saa tatu haibadiliki mwaka mzima. Kisha tukaongeza kufuli:

```
0 0 1 * * flock -n /tmp/riba.lock /opt/chama/riba.sh
```

`flock -n` ikikuta kufuli limeshikwa na kazi nyingine, huondoka papo hapo. Wengine hutengeneza kufuli lao kwa kuweka faili na kulifuta mwishoni. Umeme ukikatika katikati, faili linabaki, na kazi haianzi tena mpaka mtu alikute. Kufuli la `flock` hushikwa na mfumo endeshi wenyewe, na kazi ikifa huachiwa.

Hata hivyo, kufuli hili halizuii mtu kuianzisha kazi kwa mkono kesho yake, wala halizijui seva nyingine. Kwa hiyo kwenye hifadhidata tuliweka sharti: namba ya mkopo na mwezi wa riba vikiwa pamoja haviwezi kujirudia. Mhasibu alitaka kuona. Tukaianzisha kazi ya Aprili tena mbele yake, na kila mstari wa riba ukakataliwa.