Jostiki Kwanza, Pedali Baadaye

Katika michezo ya kuigiza urubani kama Microsoft Flight Simulator na X-Plane, kifaa cha kwanza kununua ni jostiki, si skrini kubwa. Sababu huonekana wakati wa kutua. Cessna 172 hukaribia uwanja kwa kilomita 120 hivi kwa saa, na rubani huirekebisha kidogo kidogo. Kitufe cha kibodi hakijui kidogo: ama kimebonyezwa ama kimeachwa, na ndege huyumba huku na huku.

Upepo wa ubavuni ndio mtihani wenyewe. Bawa la upande wa upepo huinamishwa, na usukani wa mkia hupelekwa upande wa pili ili pua ilingane na njia. Jostiki inayozunguka hutosha kwa hilo, ingawa mkono unaoizungusha mara nyingine huinamisha ndege bila kukusudia. Pedali za miguu huondoa kasoro hiyo, lakini ni za mpenda helikopta au anayejiandaa kwa mafunzo ya kweli.

Anga za juu ni habari nyingine. Katika Kerbal Space Program, roketi huingia kwenye mzingo kwa kuwashwa injini karibu na kilele cha njia yake. Hapo kibodi inatosha, na fedha ya jostiki ibaki mfukoni.