Mazungumzo ya kikoba ndani ya faili moja

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa sasa vinaendesha hesabu zake WhatsApp. Mwanachama akituma mchango, anaweka skrinshoti ya muamala kwenye kundi, mweka hazina anajibu "imepokelewa", na ule mjibizano ndio unakuwa stakabadhi. Siku katibu anapobadilishwa, au mtu anapodai kwamba alilipa Machi, kikundi kinahitaji nakala ya hayo yote nje ya simu ya mtu mmoja.

WhatsApp inayo njia. Kwenye simu ya Android unafungua kundi, unabonyeza vidoti vitatu juu kulia, kisha `More`, kisha `Export chat`. Kwenye iPhone unagusa jina la kundi na kushuka chini mpaka uione `Export Chat`. Hapo simu inauliza swali moja: uchukue picha na sauti pamoja na maandishi, au maandishi peke yake? Watu hujibu haraka haraka, wakidhani kuchukua vyote ndiyo salama zaidi. Kwa kundi kubwa si hivyo.

Ukichagua pamoja na picha, WhatsApp inatoa meseji 10,000 za mwisho tu. Ukichagua maandishi peke yake, inatoa hadi 40,000. Tuseme kikoba kina wanachama thelathini na meseji 31,000 tangu kianze. Katibu akitoa pamoja na picha, meseji 21,000 za mwanzo zinabaki nje, na hakuna mahali pa kuchagua tarehe ili azifuate. Akitoa maandishi peke yake anapata historia nzima, lakini kila palipokuwa na skrinshoti panabaki pengo.

Fungua faili lenyewe uone tofauti. Kwenye Android, muamala uliotolewa pamoja na picha husomeka hivi:

```
12/03/2024, 19:42 - Mama Neema: IMG-20240312-WA0004.jpg (file attached)
```

Uleule, ukitolewa bila picha:

```
12/03/2024, 19:42 - Mama Neema: <Media omitted>
```

Mstari wa pili unathibitisha kwamba Mama Neema alituma kitu saa 1:42 usiku. Kiasi cha fedha hakimo, wala namba ya muamala. Kwa kesi ya mchango uliopotea, ushahidi huo ni nusu.

Kwa hiyo katibu makini hutoa mara mbili: mara moja maandishi yote, mara ya pili picha pamoja na meseji za karibuni. Picha za zamani anazifuata kwenye simu yenyewe, ndani ya folda `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media`, alimradi hazijafutwa. Jina la picha kwa kawaida limebeba tarehe, mwaka kwanza, kisha mwezi na siku, hivyo anaweza kuzilinganisha na mistari ya maandishi. Picha iliyofutwa kwenye simu, au ambayo haikuwahi kupakuliwa, haitaingia kwenye nakala hata ukichagua pamoja na picha.

Kikomo cha pili ni uzito, nacho hakitoki WhatsApp. Picha 300 zenye kilobaiti 150 kila moja zinafika megabaiti 45, na Gmail inakubali kiambatisho cha megabaiti 25. Kinachozidi hapo Gmail hukipandisha Google Drive na kumpelekea mpokeaji kiungo. Huduma nyingine hukataa tu. Ukilihifadhi faili moja kwa moja Drive au kwenye kompyuta, kizuizi cha barua pepe kinaondoka. Kile cha meseji 10,000 hakiondoki, maana nakala imeshakatwa kabla haijatoka kwenye WhatsApp. Wengi huchanganya hivi viwili: wanahama kutoka barua pepe kwenda Drive wakitarajia kupata miezi iliyokosekana.

Kujua kama nakala imekatwa, usitazame mwisho wa faili. Tazama mstari wa kwanza. Kama kikoba kilianza Januari 2022 na faili linaanzia Agosti 2024, miaka miwili na nusu haimo, na simu haikukupa onyo lolote la kukushtua. Angalia pia majina: faili linaandika kila mtu kama alivyohifadhiwa kwenye simu iliyotoa nakala, na asiyehifadhiwa anabaki namba tupu. Ni vizuri katibu awahifadhi wanachama wote kwa majina kamili kabla hajatoa nakala, la sivyo faili litajaa "Jirani" na "Shangazi" ambao kamati mpya haitawajua.

Faili hili ni la kusoma na kuchapisha tu. Haliwezi kurudishwa ndani ya WhatsApp likawa mazungumzo tena. Hiyo ni kazi ya nakala rudufu ya simu. Na kama `Export chat` inakataa, huenda kwenye kundi kumewashwa `Advanced chat privacy`, mpangilio ulioletwa mwaka 2025 ambao huzuia mazungumzo kutolewa nje. Katibu afungue taarifa za kundi autazame, na kama umewashwa, wanachama wakubaliane uzimwe kwanza.