Mfano wa kitabuni ugeuze fomu tupu, ujipime faida kabla ya kutangaza ofa

Leo tafuta kitabu chochote cha Hisabati cha kidato cha kwanza, hata cha kuazima kwa mdogo wako, ufungue sura ya uwiano, faida na hasara. Mifano iliyokokotolewa mle ndani ni hesabu zetu hizi hizi za kila siku. Shida ni kwamba ukiusoma mfano unaona umeelewa, halafu namba zikibadilika unakwama. Dawa yake ni kuufuta namba, ubaki na njia tupu.

Tuchukue mfano wa aina hii: mtu kanunua redio kwa 40,000, kaiuza 50,000, tafuta asilimia ya faida. Kitabu kitatoa 40,000 kwenye 50,000 kipate 10,000, kigawanye kwa 40,000, kizidishe kwa 100, jibu 25%. Sasa andika kwenye daftari, kwa Kiswahili chako:

Gharama = ______
Bei ya kuuzia = ______
Faida = bei − gharama = ______
Asilimia = faida ÷ gharama × 100 = ______

Ile 100 imebaki kwa sababu haibadiliki kamwe. Namba nyingine zote zimetoka, pamoja na ile 10,000 iliyopatikana katikati. Hapa wengi wanateleza: wanafuta namba za swali tu, namba za katikati wanaziacha, fomu inakuja kuwapa jibu la redio wakati wao wanauza viatu. Kabla hujaitumia, rudishia namba za kitabu. Isipotoa 25%, kuna mstari umeukosea.

Tuijaze kwa mzigo wetu. Pea 12 za raba kutoka Mwanza, kila moja 14,000, jumla 168,000. Nauli ya mzigo kwenye basi mpaka kushushwa hapa Dutwa tuseme 12,000. Imefika 180,000, yaani 15,000 kwa pea. Hiyo 15,000 ndiyo gharama, siyo 14,000. Kitabu kinakupa gharama ikiwa tayari, sisi inabidi tuijenge wenyewe, kwa hiyo juu ya fomu yako ongeza mstari wa nauli, vifungashio na makato ya kutoa pesa. Ukiuza 20,000, faida ni 5,000, kama 33%.

Ukijaza fomu hiyo hiyo mara kumi utaikariri bila kufikiri, maana kinachotafutwa ni kile kile. Kwa hiyo hamisha kinachotafutwa. Fomu ya pili: una gharama na asilimia, tafuta bei. 15,000 kwa faida ya 20% ni 15,000 × 120 ÷ 100 = 18,000. Fomu ya tatu: una bei na asilimia, tafuta gharama. Hapa mtu anachukua 20% ya 18,000 anaitoa, anapata 14,400. Siyo. Ile 20% ilikuwa ya gharama, siyo ya bei, hivyo ni 18,000 ÷ 120 × 100, unarudi kwenye 15,000.

Hilo ndilo linalotuumiza kwenye ofa. Gharama 15,000, umeongeza 25%, bei ni 18,750. Mwisho wa mwezi unaposti "punguzo asilimia 20" ukijua bado una asilimia 5 yako. Piga: 20% ya 18,750 ni 3,750. Ukiitoa inabaki 15,000. Umeuza bure kabisa, na bando umelipia wewe.

Basi fomu ya nne iwe ya ofa:

Bei ninayotaka kubaki nayo = ______
Ofa = ______ %
Bei ya kutangaza = bei ya kubaki ÷ (100 − ofa) × 100 = ______

Nataka kubaki na 18,000 kwa ofa ya 20%: 18,000 ÷ 80 × 100 = 22,500. Hakikisha kwa kurudi nyuma: 20% ya 22,500 ni 4,500, ukitoa inabaki 18,000. Sawa. Ila kama bei ya soko ni 20,000, fomu haitakuuzia kwa 22,500. Punguza ofa, au usitoe.

Maswali mapya yatunge kuanzia kwenye jibu. Chagua gharama na asilimia, kokotoa bei, andika bei na asilimia mbele ya karatasi, gharama uiandike nyuma. Baada ya siku mbili tatu zichanganye karatasi za fomu zote nne bila kuandika ni fomu ipi, maana mteja naye hakwambii. Ukiona unachagua fomu sahihi kabla ya kushika kikokotoo, imeingia.

Anza na hili: kitenge kimekufikia kwa 12,000, unataka faida ya 25% na unataka kutangaza ofa ya 25%. Bei ya kutangaza ni 20,000. Ukipata 15,000, umesahau kuwa ofa bado haijatolewa.